Vipande Visipoenea: Utatuzi wa Matatizo katika Somo la Pythagoras la Karatasi na Mkasi

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa hisabati anayeandaa somo ambalo wanafunzi watakata miraba ya karatasi, wataipanga upya, na kutokana na mpangilio huo wataitamka wenyewe kanuni ya Pythagoras kabla haijaandikwa ubaoni. Nimelifundisha somo hili kwa watoto wa darasa la saba hapa Tanga, katika vyumba vyenye wanafunzi wengi na mikasi michache, na matatizo yanayojitokeza karibu kila mara ni yale yale. Kila tatizo lina dalili inayoonekana juu ya dawati, na mwalimu anayeijua dalili hupata chanzo chake bila kusimamisha darasa zima.

Hali ilivyo kazi ikienda sawa

Huwezi kutambua kasoro bila kuijua kazi iliyonyooka, kwa hiyo ifanye kwanza wewe mwenyewe nyumbani. Chora pembetatu yenye pembemraba ambayo pande zake fupi ni sm 6 na sm 8. Upande mrefu, yaani ule unaotazamana na pembemraba, utakuwa sm 10. Juu ya kila upande jenga mraba wake. Pande fupi zikilazwa sambamba na kingo za karatasi, mchoro mzima unahitaji upana wa sm 20 na urefu wa sm 22, kwa hiyo unaingia katika karatasi moja ya A4 na kubakiza nusu sentimita tu kila ubavu. Karatasi hii haikatwi, nami nitaiita karatasi ya msingi.

Katika karatasi ya pili kata mraba wa sm 8 na mraba wa sm 6. A4 moja hutoa seti tatu za miraba hii miwili, na karatasi ya manila hutoa seti nyingi zaidi ambazo pia hukaa vizuri mkononi. Sasa chukua mraba wa sm 8. Ukizunguka kingo zake kwa mwelekeo mmoja, weka alama sm 1 baada ya kila kona, kisha unganisha alama zinazotazamana kwa mistari miwili. Mistari hiyo hukutana katikati ya mraba kwa pembemraba, na kila mmoja una urefu wa sm 10. Kata kwa kuifuata. Utapata vipande vinne vinavyofanana kabisa, kila kimoja kikiwa na pande za sm 7, sm 5, sm 5 na sm 1.

Hatua ya mwisho ni kuvipanga vipande hivyo juu ya mraba wa sm 10 katika karatasi ya msingi. Kona ambayo pande mbili za sm 5 zinakutana, yaani kona iliyokuwa katikati ya mraba wa sm 8, huwekwa kwenye kona ya mraba mkubwa. Vipande vinne vikikaa hivyo, kingo za nje hujaa, kwa kuwa 5 na 5 ni 10, na katikati hubaki tundu la mraba lenye upande wa sm 6. Mraba mdogo huingia humo, na hapo sm za mraba 64 na sm za mraba 36 zimefunika sm za mraba 100.

Njia hii ya kukata ilichapishwa mwaka 1873 na Henry Perigal, dalali wa hisa wa London aliyekuwa mpenzi wa jiometri. Zipo njia nyingine nyingi, lakini nimeichagua hii kwa sababu vipande vyote ni vitano tu, na kwa sababu makosa yake yanasomeka kwa urahisi.

Dalili: Vipande vimeunda mraba usio na tundu, na umebaki mpaka mtupu kuuzunguka

Hii ndiyo dalili ya kwanza kuonekana, nayo si kosa la kukata hata kidogo. Kila kipande kina kona mbili zenye nyuzi 90: moja ni kona ya asili ya mraba wa sm 8, na nyingine ni ile iliyozaliwa na mkasi. Mtoto akiona kona ya mraba mkubwa mbele yake huitafuta kona anayoifahamu, yaani ile ya asili, akaiweka hapo. Akimaliza anakuwa ameurudisha mraba wa sm 8 kama ulivyokuwa, na mraba mdogo unakosa pa kukaa.

Usimwonyeshe mahali pa kuweka. Mwambie apake rangi kingo zilizotokana na mkasi tu, kisha muulize kingo za nje za mraba wa sm 10 zinaweza kujazwa na nini. Pande za sm 7 na sm 1 zikiunganishwa hutoa 8, na yeye anahitaji 10. Akijumlisha pande za rangi atapata 5 na 5, na mkono wake utakigeuza kipande wenyewe. Swali hili moja, likiulizwa mapema, huokoa sehemu kubwa ya kipindi.

Dalili: Ubavu mmoja vipande vinapandana, na ubavu wa jirani vinaachana

Hapa kipande kimoja kimepinduliwa, upande wa chini ukawa juu. Kipande kilichopinduliwa bado hukaa vizuri kwenye kona, kwa kuwa pande zake mbili za sm 5 zinalingana, na ndiyo maana mwanafunzi hatambui kilichoharibika. Tofauti iko kwenye ncha zake nyingine mbili. Ncha moja ina nyuzi 53 hivi na nyingine 127 hivi, na katika mpangilio sahihi, ncha ya nyuzi 53 ya kipande kimoja hukutana na ncha ya nyuzi 127 ya jirani yake, jumla nyuzi 180, mstari ulionyooka. Kipande kikipinduliwa, ncha mbili nyembamba hukutana ubavu mmoja na kuacha pengo, na ncha mbili pana hukutana ubavu wa pili na kupandana.

Kinga yake ni rahisi na inapaswa kuingia katika andalio la somo: kabla ya kukata, uso mmoja wa mraba wa sm 8 upakwe rangi au upigwe mistari ya penseli. Karatasi nyeupe pande zote mbili haifai kwa kazi hii.

Dalili: Vipande havifanani, au tundu la kati limepinda

Ukiona hivi, fanya majaribio matatu kwa utaratibu, kwa sababu kila jaribio huondoa kundi moja la sababu.

La kwanza ni kupandanisha vipande vinne kimoja juu ya kingine. Visipolingana, alama ziliwekwa vibaya, na karibu kila mara sababu ni alama moja iliyopimwa kinyume cha mwelekeo wa nyingine. Alama hiyo ikiwa upande usiofaa, mstari unaopita hapo utakuwa sambamba na kingo za mraba badala ya kukaa mshazari, na rula itaonyesha kuwa una sm 8 wakati mwenzake una sm 10. Mstari wa sm 8 ni ushahidi wa kutosha. Kundi lipewe mraba mwingine. Ndiyo maana ni muhimu mistari ipimwe kabla mkasi haujapita, na maneno "pima mistari yote miwili, kisha mwonyeshe mwalimu" yaandikwe ubaoni tangu mwanzo.

La pili linahusu kundi ambalo vipande vyake vinalingana kabisa na vinaunda mraba safi wenye tundu, ila mraba huo ni mdogo kuliko ule wa karatasi ya msingi. Pima. Ukikuta mraba una upande wa sm 7.2 hivi na tundu lake lina sm 4, ujue kundi hilo limekata mraba wa sm 6 badala ya mraba wa sm 8. Mraba unaokatwa ni ule wa upande mkubwa kati ya pande mbili fupi. Hata hivyo usivitupe vipande hivyo. Hisabati yake haina kasoro: wanafunzi hao wamepata kanuni ile ile kwa pembetatu nyingine, yenye pande fupi za sm 4 na sm 6, kwa kuwa 16 na 36 ni 52, na 7.2 ikizidishwa kwa 7.2 inakaribia sana 52. Vihifadhi katika bahasha, vitakufaa baadaye.

La tatu ni la vipande vilivyo sahihi vinavyozidi karatasi ya msingi. Hapo chunguza pembemraba ya mchoro. Pembe ikiwa nyuzi 88 badala ya 90, upande mrefu unakuwa sm 9.83, yaani pungufu kwa karibu milimita mbili, na macho ya mtoto huiona tofauti hiyo. Pembe ikiwa nyuzi 85, upungufu unafikia milimita nne na zoezi linaharibika kabisa. Pembe nyingi mbovu hutokana na wanafunzi kuchora kwa rula peke yake. Kama vigunia havitoshi, tumia kona ya karatasi mpya ya A4 ambayo haijakatwa na mtu, au kunja karatasi yoyote mara moja, kisha uikunje tena ili mkunjo wa kwanza ulale juu yake wenyewe. Kona inayopatikana ni pembemraba ya kuaminika.

Dalili: Kila kitu kimeenea, lakini hakuna anayetamka kanuni

Hili ndilo tatizo lililonifanya niandike. Makundi yote yamemaliza, miraba imejaa, watoto wanafurahi, na mwalimu akiuliza wamegundua nini wanajibu, "Mwalimu, tumeweza kupanga." Hawajakosea, kwa sababu ndilo jambo pekee waliloombwa kufanya. Walipewa mraba wa sm 10 na vipande vinavyoujaza, basi wakaujaza. Hapakuwa na jambo lolote lililokuwa na uwezekano wa kutokea tofauti, na palipo na tokeo moja tu mtoto hana sababu ya kutafuta kanuni.

Chanzo kiko katika andalio, wala hakiwezi kutibiwa kwa kuuliza swali kwa sauti kubwa zaidi. Dawa ni kubadili karatasi za msingi. Makundi yote yapewe miraba ile ile ya kukata, wa sm 6 na wa sm 8, lakini pembetatu zao zitofautiane kwa upande wa tatu. Theluthi ya makundi ipewe pembetatu ya sm 6, 8 na 9. Theluthi nyingine ya sm 6, 8 na 10. Na theluthi iliyobaki ya sm 6, 8 na 12. Pembetatu hizi zichorwe kwa bikari, wala mwalimu asiseme lolote kuhusu pembe. Upande mfupi ukilazwa sambamba na ukingo wa karatasi, mchoro wa pembetatu ya sm 12 hauingii katika A4 moja ukiwa na miraba yake yote, kwa hiyo chora pembetatu na mraba wa upande wake mrefu tu; kwa usawa fanya hivyo kwa makundi yote.

Kabla ya kukata, kila kundi liandike bashirio lake kwa penseli pembeni mwa karatasi: je, mraba wa sm 6 na wa sm 8 kwa pamoja vitatosha kuufunika mraba wa upande wa tatu, vitapungua au vitazidi? Bashirio liandikwe, kwa sababu bashirio la mdomoni hubadilika mara tu matokeo yanapoonekana.

Kazi ikiisha, matokeo huwa ya namna tatu. Vipande vinaunda mraba wa sm 10 mezani mwa kila kundi, lakini kwenye karatasi ya sm 9 vinamwagika nje, kwenye ya sm 12 vinaacha eneo tupu la sm za mraba 44, na kwenye ya sm 10 vinaenea. Sasa ubao ugawanywe sehemu tatu, na makundi yabandike karatasi zao chini ya maneno "vimezidi", "vimeenea" na "vimepungua". Swali linalofuata linahusu pembetatu, si vipande: pembetatu zilizo chini ya "vimeenea" zina jambo gani ambalo nyingine hazina? Wape protrakta. Pembe iliyo kati ya sm 6 na sm 8 itapimwa kuwa nyuzi 79 hivi kwa kundi la kwanza, 90 kwa la pili, na 117 hivi kwa la tatu.

Hapo kanuni hutamkwa na mtoto, na hutamkwa ikiwa na sharti lake, jambo ambalo vitabu huliweka mwanzoni na wanafunzi hulisahau: miraba miwili midogo hulingana na mraba mkubwa pale ambapo pembetatu ina pembemraba. Mwanafunzi aliyeona vipande vikimwagika kwenye pembetatu ya sm 9 hataitumia kanuni hii kwa kila pembetatu anayokutana nayo. Binafsi ningekubali kuacha mazoezi yote ya siku hiyo kuliko kuiacha hatua ya kulinganisha makundi matatu.

Dalili: Mwanafunzi anaonyesha mwanya wa milimita moja na kukataa kuwa vimeenea

Mwanafunzi huyu ana haki ya kusikilizwa. Mkasi hufuata mstari wa penseli ambao wenyewe una unene, na mraba wa sm 10 uliochorwa ukazidi milimita moja tu kila upande una eneo la sm za mraba 102.01, yaani zaidi ya sm za mraba 2 juu ya hesabu. Lakini ukimjibu kwamba mwanya ni mdogo na haujalishi, unamfundisha kuwa katika hisabati kukaribia ni sawa na kufika.

Kuna jaribio ambalo hutenganisha kosa la mkono na kosa la kanuni. Kundi lirudie kazi kwa vipimo vilivyozidishwa mara mbili, yaani sm 12, 16 na 20, likiweka alama sm 2 baada ya kila kona. Kama kanuni ndiyo yenye upungufu, mwanya nao utakuwa mara mbili, kwa kuwa mchoro mzima umekuzwa. Kama mkasi ndio uliokosea, mwanya utabaki milimita moja ile ile, kwa sababu mkono wa mtoto haukukua pamoja na karatasi.

Kwa darasa lililo makini nenda hatua moja zaidi, na hapa vipo vipande ambavyo kila mwalimu wa somo hili anapaswa kuwa navyo mkobani. Chukua mraba wa sm 8. Ukate kuwa mistatili miwili, mmoja wa sm 3 kwa 8 na mwingine wa sm 5 kwa 8. Mstatili mwembamba ukate kwa ulalo wake upate pembetatu mbili. Mstatili mpana ukate mshazari upate trapeza mbili zinazofanana, kila moja ikiwa na pande sambamba za sm 3 na sm 5. Vipande hivi vinne vinaweza kupangwa vikaonekana kuunda mstatili wa sm 5 kwa sm 13. Mraba ulikuwa na eneo la 64, na mstatili una eneo la 65. Darasa zima litaona kwa macho yake sentimita moja ya mraba imezaliwa bila mzazi.

Ukweli ni kwamba ulalo wa mstatili huo haujanyooka. Mshazari wa pembetatu hupanda 3 kwa kila 8, ambayo ni 0.375, na mshazari wa trapeza hupanda 2 kwa kila 5, ambayo ni 0.4. Kati yake umejificha ufa mrefu ambao upana wake wa wastani haufiki milimita moja, nao ndio wenye ile sentimita ya mraba. Baada ya hapo, hakuna mwanafunzi atakayeridhika na sababu ya kwamba vipande "vinaonekana" kuenea, na ataanza kudai hoja.

Hoja yenyewe inapatikana katika vipande vya awali bila aljebra nyingi. Kila ubavu wa tundu la kati ni upande wa sm 7 wa kipande kimoja uliopunguzwa upande wa sm 1 wa jirani yake, basi ni sm 6 kamili, wala si kwa kukadiria. Ama urefu wa mkato, mwanafunzi achukue pembetatu ya karatasi ya sm 6 na 8 na kuilaza juu ya mraba wa sm 8 ambao haujakatwa. Mstari wa mshazari unaanza sm 1 juu ya ukingo wa chini na kuishia sm 7 juu yake, kwa hiyo umepanda sm 6 huku ukivuka upana wa sm 8. Ni upande mrefu wa pembetatu ile ile, umehamishwa tu. Hivyo mkato ni lazima ulingane na upande mrefu, na nusu mbili za mkato ni lazima zijaze ukingo wa mraba mkubwa. Mwanafunzi akiweza kusema neno "lazima" na kulitetea, umefika mbali kuliko karatasi inavyoweza kukupeleka.

Dalili: Baadhi ya wanafunzi wanaijua kanuni kutoka tuisheni

Watoto hawa husema kanuni dakika ya kwanza na kuwanyima wenzao nafasi ya kutafuta. Wape karatasi za sm 9 na sm 12, wala usiwape ya sm 10. Kanuni waliyoikariri itawaambia kwamba miraba itaenea, nayo haitaenea, na watalazimika kutafuta sharti walilolisahau.

Dalili: Mtoto anaandika kuwa 6² ni 12

Amesoma kipeo kama kuzidisha kwa 2. Usirudie maelezo ya vipeo. Mpe mraba wa sm 6 uliokatwa kutoka karatasi ya grafu, ahesabu vyumba vya sentimita moja, kisha aandike namba aliyoipata juu ya mraba wenyewe. Miraba yote iandikwe maeneo yake kabla ya kukatwa, na kosa hili litapungua bila kuwa somo la pembeni.

Dalili: Vipande vinapeperuka au vimejikunja

Katika madarasa yanayotazama bahari, upepo wa kusi huingia dirishani na kuondoka na kazi ya kundi zima. Hapa sina ujuzi wa kipekee: kaeni sakafuni mbali na dirisha, na tone dogo la gundi liwekwe chini ya kila kipande pale tu mpangilio unapokubaliwa. Manila iliyonunuliwa ikiwa imeviringishwa ilazwe chini ya vitabu tangu jana yake, maana unyevu wa pwani huikunja upya ikiachwa wazi.

Dalili: Kundi lililojichagulia vipimo halipati namba kamili

Baada ya sm 6 na 8, waache wachague pande fupi wanazotaka, kwa masharti mawili: zisizidi sm 10, na alama ya kukatia iwekwe kwa nusu ya tofauti ya pande hizo mbili. Bila hatua hii watoto huamini kwamba kanuni ni ya namba chache zilizobarikiwa. Kundi linalochagua sm 5 na sm 9 litaweka alama sm 2 baada ya kila kona ya mraba wa sm 9. Vipande vitakuwa na pande za sm 7 na sm 2 kwenye kingo za asili, tundu litakuwa la sm 5 kama inavyotakiwa, na mkato utapimwa kuwa sm 10.3 hivi. Watakuita kwa wasiwasi wakidhani wamekosea, kwa kuwa makundi mengine yalipata 10. Waambie wajumlishe maeneo, 25 na 81, wapate 106, kisha watafute namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa 106. Hawataipata kwa desimali moja wala mbili, na vipande vyao vimeenea hata hivyo.

Lipo pia kundi litakalochagua pande zinazolingana, tuseme sm 7 na sm 7. Nusu ya tofauti ni sifuri, kwa hiyo alama zinaangukia kwenye kona zenyewe, mikato inakuwa milalo ya mraba, na vipande vinne vinakuwa pembetatu. Wanafunzi wengi huja kuuliza kama sifuri inaruhusiwa. Inaruhusiwa: vipande vikipangwa kona ya mkasi ikiwa nje, tundu la sm 7 linabaki katikati na mraba wa pili unaingia humo barabara, huku mraba mkubwa ukiwa na upande wa karibu sm 9.9.